Utafiti Unaohusisha Watoto: Sahihi ya Mzazi na Neno la Mtoto

Barua ya utafiti mara nyingi hufika nyumbani ndani ya daftari la mtoto. Imekunjwa mara mbili, ina muhuri wa shule, na chini kabisa pana mstari wa mzazi kutia sahihi. Kwa mzazi aliyetoka kazini bandarini au aliyevuka feri saa moja usiku, barua hiyo hufanana na nyingine zote za shule: ya pesa za mtihani, ya mkutano, ya sare. Huchukua kalamu, akatia sahihi, mtoto akairudisha asubuhi.

Barua hii lakini haifanani na zile nyingine. Inaomba ruhusa ya kumfanyia mtoto jambo ambalo huenda lisimsaidie yeye binafsi, ili maarifa yapatikane kwa manufaa ya wengine. Ndiyo maana sheria na kanuni za utafiti nchini zinataka majibu mawili, wala si moja. La kwanza ni idhini ya mzazi au mlezi. La pili ni ridhaa ya mtoto mwenyewe, yaani mtoto aelezwe kwa maneno anayoyaelewa kisha akubali au akatae. Barua ya mwalimu mkuu haichukui nafasi ya lolote kati ya hayo. Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanalijua jibu la kwanza. La pili halijulikani sana, na hapo ndipo makosa mengi hutokea.

Yaliyotokea Kwale

Mfano ulio karibu ni wa majirani wa Likoni, upande wa Kwale. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2012 watafiti walifanya kazi katika shule 101 za msingi za serikali huko, na zaidi ya wanafunzi 5,200 walihusishwa. Jina la utafiti huo lilifupishwa kuwa HALI. Swali lilikuwa hili: je, watoto wakipimwa malaria shuleni kila muhula, na wale watakaopatikana na vimelea wapewe dawa hata kama hawaumwi, upungufu wa damu utapungua na umakini wao darasani utaongezeka?

Shule ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipata upimaji na dawa, nyingine hazikupata. Mzazi hakuweza kuchagua shule ya mwanawe iangukie upande gani. Kabla ya kazi kuanza, watafiti walikutana na maafisa wa wizara, wa wilaya na walimu, kisha wakaitisha mikutano ya wazazi shuleni, ambako utafiti ulielezwa, maswali yakaulizwa na fomu za idhini zikatolewa. Baada ya hapo, kabla ya kila kipimo, mtoto naye aliulizwa kama anakubali.

Mwaka 2013 baadhi ya watafiti hao walichapisha makala ya wazi kuhusu ugumu walioupata katika kuomba idhini ya wazazi na ridhaa ya watoto. Hilo si jambo la kila siku, kwa sababu watafiti wengi huandika mstari mmoja tu kwamba idhini ilipatikana, wakaendelea na matokeo. Hawa walikiri kwamba kuungwa mkono na wakubwa hakukumaliza shida za idhini, na kwamba iliwabidi kurudi tena na tena kwa walimu, wazazi na viongozi wa vijiji ili kueleza upya na kusikiliza malalamiko.

Matokeo yenyewe yalitoka mwaka 2014. Upimaji huo wa kila muhula haukupunguza upungufu wa damu, haukupunguza malaria, na haukuongeza umakini darasani. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba watoto waliotibiwa waliambukizwa tena kabla ya upimaji uliofuata. Matokeo hayo yalikuwa na faida kwa taifa, kwani yalionyesha njia isiyofaa kutumiwa fedha za umma. Lakini hebu mfikirie mzazi aliyetia sahihi akiamini kwamba mwanawe anapelekwa kwenye matibabu. Aliyoitikia yeye na kilichokuwa kikifanyika ni mambo mawili tofauti.

Kuchanganya utafiti na matibabu ndilo kosa la kwanza ambalo idhini ya kweli inatakiwa kuliondoa. Daktari anayetibu huanza na swali la mgonjwa huyu anahitaji nini. Mtafiti huanza na swali ambalo jibu lake bado halijulikani. Kama lingejulikana, kusingekuwa na haja ya kupiga kura.

Hatua kwa hatua

Ili kuona jinsi majibu haya mawili yanavyofanya kazi, tuchukue mfano wa kubuni. Watafiti wanataka kujua ukubwa wa tatizo la upungufu wa damu kwa wasichana wa miaka 12 hadi 15 katika shule kadhaa za Likoni. Watachoma kidole mara moja, watachukua matone machache ya damu na kuyapima papo hapo kwa kifaa kidogo cha mkononi, kisha watauliza maswali kuhusu chakula na hedhi.

Kabla hawajagonga mlango wa shule, watafiti hao wanatakiwa kupeleka mpango wao wote kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa. Kamati hiyo husoma hata maswali yatakayoulizwa na maneno yatakayotumika kwa mtoto. Baadaye huomba kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013. Kibali hicho kina jina la mtafiti, mada, mahali na tarehe ya kuisha, pamoja na alama ya mraba ambayo mtu yeyote anaweza kuiskani kwa simu kuhakikisha si cha bandia. Wakiwa na karatasi hizo mbili ndipo huripoti kwa ofisi za afya na elimu, na mwisho kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu akisema ndiyo, amefungua lango tu. Ameruhusu watafiti kuingia shuleni na kuzungumza na wazazi, wala hana mamlaka ya kuwaitikia wanafunzi 200 kwa mkupuo. Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu wa madrasa, mzee wa mtaa na chifu. Kauli ya "mwalimu ameshakubali" inapotumiwa kumharakisha mzazi, mzazi ana haki ya kuuliza ni nani hasa aliyeombwa kukubali.

Sasa mzazi. Fomu inatakiwa iwe katika lugha anayoisoma, na kama hasomi, asomewe mbele ya shahidi asiyekuwa mmoja wa watafiti, kisha atie dole gumba na shahidi atie sahihi. Fomu ieleze nini kitafanyika, mara ngapi, kitachukua muda gani, kitauma kiasi gani, damu itakwenda wapi baada ya kupimwa, nani ataona majibu, na nini kitafanyika ikiwa mtoto atapatikana na tatizo. Ieleze pia kwamba mzazi akikataa, mtoto hatapoteza nafasi yake shuleni wala huduma zake katika zahanati. Mwisho iwe na nambari za simu mbili: ya mtafiti, na ya kamati ya maadili ambayo haimtumikii mtafiti.

Mtafiti mzuri haombi sahihi mara tu baada ya kumaliza kusoma. Humuuliza mzazi: "Mama, hebu niambie kwa maneno yako, tutamfanyia nini mtoto?" Mama akijibu, "Mtampa dawa ya kuongeza damu," basi hajaelewa, kwa sababu hakuna dawa katika mpango huu. Hapo mtafiti huanza upya. Ni njia rahisi na haigharimu kitu, na kukosekana kwake ni dalili ya mapema kwamba idhini inakusanywa kama risiti.

Ipo pia barua ya aina nyingine inayosema: "Kama hutaki mwanao ashiriki, rudisha fomu hii. Usiporudisha tutahesabu umekubali." Hii haifai kwa utafiti wa kuchoma kidole. Karatasi iliyopotea ndani ya begi, au iliyoloa mvua njiani, haiwezi kuwa idhini ya mtu.

Mtoto anaposema "sitaki"

Tuseme mama amekubali na ametia sahihi. Msichana wa miaka 13 anaitwa kwenye chumba cha upimaji. Kwa sheria za Kenya mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hivyo hawezi kutoa idhini peke yake. Lakini ana akili, ana mwili wake, na Katiba katika kifungu cha 53 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo anaulizwa. Katika tafiti nyingi za KEMRI, kijana wa miaka 13 hadi 17 huandika ridhaa yake kwenye fomu yake mwenyewe, fupi kuliko ya mzazi. Wadogo zaidi huelezwa kwa mdomo, wakati mwingine kwa picha au kwa kuonyeshwa kifaa kabla hakijatumika.

Mtafiti anamwambia: "Tutakuchoma hapa kwenye ncha ya kidole. Utasikia uchungu kama wa kuchomwa na mwiba, kisha utakwisha. Halafu nitakuuliza maswali. Swali usilotaka kujibu, unaliacha. Ukitaka tusimame, sema, na hakuna atakayekukasirikia." Msichana anakubali kuchomwa. Maswali yanapofika kwenye hedhi, ananyamaza na kutazama chini. Aliyeketi mbele yake ni kijana wa kiume, na mlango uko wazi.

Kanuni ziko wazi kuhusu hatua inayofuata. Ukimya huo usihesabiwe kuwa ndiyo. Mtafiti anatakiwa kumuuliza kama angependa kuzungumza na dada wa timu mlango ukiwa umefungwa, au kama angependa kuyaacha maswali hayo kabisa. Akiyaacha, kipimo chake cha damu kinabaki na maswali yanabaki matupu. Ridhaa inaweza kuwa ya sehemu, tena inaweza kuondolewa katikati ya kazi. Sahihi ya mama haimlazimishi mtoto kujibu.

Kinyume chake hali ni tofauti. Mama akikataa na msichana akasema anataka, hapimwi. Katika utafiti wa kawaida kama huu, ndiyo ya mtoto haifuti hapana ya mzazi. Kwa maneno mengine, ndiyo zote mbili zinahitajika, na hapana moja inatosha kusimamisha kazi.

Wazazi wengine huona jambo hili geni. Katika malezi ya Pwani mtoto hufundishwa kumtii mkubwa, na mtoto anayesema "sitaki" mbele ya mgeni huonekana hana adabu. Watafiti wanalijua hilo, na ndiyo sababu hawapaswi kumuuliza mtoto mbele ya mzazi au mwalimu aliyeshika fimbo. Mtoto aliyelelewa kwa adabu atasema ndiyo hata akiwa hataki, basi aliye naye atazame na mwili: mkono unaorudishwa nyuma, machozi, kuomba kwenda msalani mara tatu. Kwa watoto wadogo wasioweza kueleza, hizo ndizo hapana zao.

Lakini kuna mpaka, na ni vyema usemwe. Mtoto mgonjwa anayelia kwa kuogopa sindano ya matibabu hatibiwi kwa kura ya maoni. Hapo mzazi na daktari huamua kwa ajili ya afya yake. Uzito wa hapana ya mtoto ni mkubwa zaidi pale ambapo jambo lenyewe halimfaidi yeye moja kwa moja, kama katika mfano wetu.

Mlezi ni nani?

Swali hili huwasumbua watafiti wa Mombasa kuliko kwingi. Mama yuko Saudia kwa kazi ya nyumbani, baba hajulikani aliko au yuko baharini, mtoto anaishi na nyanya yake Mshomoroni au na shangazi Mikindani. Je, nyanya anaweza kutia sahihi?

Kumlisha mtoto na kumpeleka shule hakumfanyi mtu awe mlezi wa kisheria moja kwa moja. Jibu hutegemea mpango ulioidhinishwa na kamati ya maadili. Mpango ukieleza ni nani anayekubalika pale mzazi asipokuwepo, na namna gani, kwa mfano kumpigia mama simu mbele ya shahidi, mtafiti hufuata hivyo. Mpango usiposema, mtafiti hana ruhusa ya kubuni njia uwanjani, na mtoto huyo huachwa nje ya utafiti. Nyanya anayeulizwa asione haya kusema, "Huyu ni mjukuu wangu, mamake yuko nje, nambari yake hii hapa." Hilo ni bora kuliko kutia sahihi mahali palipoandikwa "mzazi".

Upande mwingine wapo vijana walio chini ya miaka 18 ambao wao wenyewe ni wazazi. Sheria ya kudhibiti virusi vya Ukimwi ya mwaka 2006 humruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa au aliye mzazi kukubali mwenyewe kupimwa virusi hivyo. Katika utafiti, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu utafiti wa virusi hivyo na afya ya uzazi kwa vijana unatambua kwamba kumtaka msichana wa aina hiyo alete sahihi ya mzazi kunaweza kumletea madhara. Kamati ya maadili ndiyo huamua, kwa kila utafiti peke yake, kama anaweza kukubali mwenyewe. Mtafiti haamui.

Saa ya dharura

Zipo hali ambapo utaratibu wote huu haukai. Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Kilifi, zilishiriki utafiti ulioitwa FEAST. Watoto walioletwa wakiwa na homa kali na dalili za mshtuko, damu ikiwa haifiki vizuri mwilini, waligawanywa kwa kura: wengine wapewe maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine wapewe kwa kasi ndogo ya kawaida. Mtoto aliyezimia hawezi kuulizwa, na mama anayetetemeka hawezi kusomewa kurasa nne.

Kamati za maadili ziliruhusu idhini ya hatua mbili. Kwanza daktari alimweleza mzazi kwa ufupi na kupata ruhusa ya mdomo ili kazi ianze. Mtoto alipotulia, mzazi alielezwa yote kwa utulivu, akaombwa idhini ya maandishi, na aliweza kukataa wakati huo.

Utafiti ulisimamishwa mapema, Januari 2011, ukiwa umeandikisha watoto 3,141. Waliopewa maji kwa haraka walikuwa wamekufa zaidi: takriban 10 na nusu kati ya kila 100 ndani ya saa 48, ikilinganishwa na 7 hivi kati ya 100 kwa wale ambao hawakupewa kwa haraka. Njia hiyo ilikuwa imependekezwa katika miongozo kwa miaka mingi. Hakuna daktari aliyejua kwamba ingedhuru, na ndiyo maana swali liliulizwa. Wazazi walioambiwa ukweli kwamba madaktari hawajui ni njia ipi bora waliambiwa jambo gumu kulisikia ukiwa umepakata mtoto mahututi, lakini lilikuwa kweli.

Damu, majina na miaka inayopita

Hofu ya damu si ya kupuuzwa. Huko Kilifi watafiti wenyewe wameandika jinsi uvumi wa damu kuuzwa au kutumiwa kwa mambo ya kishetani ulivyozunguka vijijini. Uvumi wa namna hiyo hukua pale mtu alipochukuliwa damu bila kuambiwa kiasi gani na inakwenda wapi. Kwa hiyo mzazi aulize: matone mangapi, yatatupwa baada ya kupimwa au yatahifadhiwa, na kama yatahifadhiwa ni kwa muda gani na wapi. Kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadaye kunahitaji idhini yake ya pekee, na mzazi anaweza kukubali kipimo cha leo akakataa kuhifadhi.

Majina nayo yanalindwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kushughulikiwa, na zishughulikiwe kwa namna inayolinda maslahi yake. Orodha ya majina na majibu ya vipimo haibandikwi ukutani, na haitumwi kwenye kundi la wazazi la simu.

Zawadi ndogo hutolewa pia, na si kosa. Kurudishiwa nauli ya matatu na kupewa soda baada ya kungoja ni haki. Ikiwa kiasi kinachotolewa ni kikubwa hata mzazi aone hawezi kukataa, kamati ya maadili ilipaswa kukipunguza, na simu iliyo kwenye fomu ndiyo ya kuuliza.

Mzazi anaweza kumtoa mtoto wakati wowote, hata siku ya pili au mwaka wa pili, bila kueleza sababu. Aombe nakala ya fomu aliyoitia sahihi, kwani ni yake. Na kwa tafiti zinazomfuata mtoto kwa miaka mingi, sahihi ya mzazi ina ukomo: mtoto akitimiza miaka 18 naye akiwa bado anafuatwa, watafiti hurudi kwake na karatasi mpya, na safari hii huombwa idhini yeye mwenyewe.